Friji ya Jedda, ya Maskati, ya Ulaya au ya Ujapani: nembo zinavyokusaidia kuchagua

Friji mbili zimesimama ubavu kwa ubavu dukani Mwanakwerekwe. Rangi moja ya fedha, kampuni moja, milango miwili miwili, na zote zina plagi ya pini tatu bapa kama soketi za nyumbani kwetu. Moja imetoka Jedda, nyingine Maskati. Ya Jedda ina bei nafuu kidogo. Ukimuuliza muuzaji tofauti yake atakwambia, "Zote za Ghuba hizo, bi mkubwa, chagua unayoipenda," na hatakuwa amesema uongo. Zote zina nembo ya G.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa kuliko ya bei. Moja ilitengenezewa umeme kama wetu, nyingine umeme wa aina nyingine kabisa. Rangi haikuonyeshi hilo, wala plagi, wala jina la kampuni. Linaonekana kwenye kibandiko kidogo kilichobandikwa ndani ya friji, ubavuni karibu na droo ya mboga, au nyuma chini karibu na kompresa. Humo mna nembo za nchi na mna namba. Nembo zinakudokezea soko ambalo kifaa kilikusudiwa, na namba zinakwambia kama kitaishi hapa. Anayesoma nembo peke yake anaweza kukosea, kama tutakavyoona kwa hii G.

Tuanze na umeme wetu, kwa sababu ndio kipimo cha kila kitu kinachofuata. Zanzibar tunatumia volti 230 na hezi 50. Unguja inapata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari unaotokea Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam na kuingilia Fumba. Pemba imeungwa na Tanga tangu 2010. Kwa hiyo ni umeme uleule wa Tanzania Bara. Volti hupanda na kushuka, na wa shamba wanalijua hilo vizuri. Hezi hazichezi namna hiyo, maana hupangwa na mitambo inayozalisha umeme wenyewe. Hakuna stebilaiza ya dukani inayogeuza hezi 50 kuwa 60. Stebilaiza kazi yake ni volti tu.

Jedda na Maskati: nembo moja, umeme wa aina mbili

Nembo ya G ni ya nchi za Ghuba kwa pamoja: Saudia, Emirati, Omani, Kuwaiti, Katari, Bahareni, na Yemeni imo. Kwenye friji huja na msimbo wa mraba unaosomeka kwa simu, kwa sababu friji ni miongoni mwa vifaa ambavyo mtengenezaji hawezi kujithibitishia mwenyewe. Ni lazima apate cheti cha taasisi iliyotambuliwa. Kwa usalama wa kifaa ni nembo nzuri. Lakini ndani ya kundi hilo Saudia iko peke yake: umeme wake ni wa hezi 60, na majirani wote waliobaki ni hezi 50. Tofauti hiyo ni nzito kiasi kwamba hata mataifa yenyewe yalipounganisha gridi zao yalilazimika kujenga kituo maalumu cha kubadilisha umeme, pale Al Fadhili nchini Saudia, ndipo umeme ukaweza kupita baina yao.

Balaa linaanzia kwenye plagi. Saudia siku hizi wanatumia plagi ya pini tatu bapa, sawa na Omani, sawa na Emirati, sawa na sisi. Friji ya Ujapani angalau inakukatalia mlangoni, plagi yake haiingii. Ya Jedda inaingia, inawaka taa, inanguruma, inagandisha barafu siku ya kwanza, na mtu anarudi kwake akiwa na furaha.

Sasa tusome vibandiko viwili. Tuseme cha Jedda kimeandikwa hivi:

```
220V~  60Hz  1.4A   Class T   R134a
```

Na cha Maskati hivi:

```
220-240V~  50Hz  1.3A   Class T   R600a
```

Mota ya kompresa ya kawaida huzungushwa na sumaku inayotengenezwa na umeme ndani ya chuma chake. Nguvu ya sumaku hiyo inafuata volti ukizigawa kwa hezi. Ya Jedda ilipangiwa 220 kugawa 60, yaani karibu 3.7. Ukiichomeka hapa inapata 230 kugawa 50, ambayo ni 4.6. Hiyo ni robo zaidi ya ilivyokusudiwa. Chuma cha mota kina kiwango chake cha kubeba sumaku. Kikishashiba, umeme unaozidi haufanyi kazi, unageuka joto kwenye waya za mota. Wakati huohuo mota inazunguka polepole, kwa sababu mwendo wake unafuata hezi: hupungua kwa moja ya sita. Kwa hiyo friji inakula umeme mwingi zaidi, inapata moto, na inapoza kidogo.

Dalili zake mafundi wanazizoea. Kompresa haishikiki kwa mkono. Unasikia "tak", friji inanyamaza dakika kadhaa, inajaribu kuwaka tena, inanguruma kidogo, "tak" nyingine. Hicho ni kikinga joto kidogo kilichobanwa ubavuni mwa kompresa kinachokata umeme kuiokoa. Usiku friji inapoza vizuri, mchana wa jua la kaskazi maziwa yanaharibika. Wengi huambiwa gesi imepungua, wanajaza gesi, na tatizo linabaki palepale.

Kwenye friji zisizoganda barafu, zile za zamani zenye saa ndogo ya kuyeyusha barafu, kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Saa hiyo nayo inafuata hezi. Iliyopangwa kuyeyusha kila baada ya saa 8 itayeyusha kila baada ya saa 9 na dakika 36. Kwa hewa yetu yenye unyevu, na mlango unaofunguliwa na watoto kila dakika, barafu inajikusanya kwenye bomba la ndani na kuziba njia ya ubaridi.

Hapo sijasema kwamba kila friji ya Saudia ni mbovu. Watengenezaji wengi siku hizi hawataki kutengeneza friji mbili kwa Ghuba moja, basi huandika `220-240V~ 50/60Hz`. Hiyo ichukue bila hofu, hata kama kibandiko cha nishati kina maandishi ya SASO, shirika la viwango la Saudia. Pia zipo zenye kompresa ya inveta, ambayo huupokea umeme, huugeuza kwanza, kisha ndiyo inaizungusha mota kwa mwendo inaoutaka yenyewe. Nyingi za hizo huandikwa 50/60. Upande wa pili wa mizani kuna friji kongwe za Saudia zilizoandikwa volti 127, maana nyumba nyingi za huko zilikuwa na umeme huo zamani. Hiyo ukiichomeka hapa moja kwa moja huna haja ya kusubiri dalili.

Kuna kinga moja kabla ya kukata tamaa na friji ya 60Hz uliyokwisha kuinunua. Piga magoti nyuma yake usome kibandiko cha kompresa yenyewe, si cha friji. Kompresa hutengenezwa na kiwanda kingine na huuzwa duniani kote, na mara nyingine huandikwa kwa umeme wa aina mbili, kwa mfano `220-240V 50Hz / 220-230V 60Hz`. Ukiikuta hivyo, moyo wa friji uko salama, na kilichobaki cha kuchunguza ni feni na ile saa ya kuyeyusha.

Kati ya hizi mbili basi, ya Maskati au ya Dubai ndiyo ya kuchukua, hata ikizidi bei. Ya Jedda ya 60Hz peke yake ningeichukua tu kwa bei ya kabati.

Ulaya na Uingereza: umeme sawa, joto si sawa

Friji ya Ulaya ina nembo ya CE, na ya Uingereza ya miaka ya karibuni huweza kuwa na UKCA, iliyoanza 2021 baada ya Uingereza kujitoa kwenye Umoja. Umeme wao ni volti 230 hezi 50. Hapo hakuna mjadala. Ya Uingereza hata plagi ni yetu, na ndani ya plagi mna fyuzi. Ya Ujerumani au Uholanzi ina pini mbili za mviringo. Kata plagi, fungia ya pini tatu yenye fyuzi, na usiuache waya wa kijani na njano ukining'inia.

CE yenyewe isikupe imani kupita kiasi. Kwa friji, CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba kifaa chake kinafuata sheria za Ulaya. Hakuna mtu wa tatu aliyelazimika kukipima. Ndiyo maana unaiona kwenye vitu vya kila aina, hata visivyokanyaga Ulaya. Wako wanaosema CE iliyobanana maana yake ni bidhaa ya China ya kusafirishwa nje. Hakuna nembo rasmi ya namna hiyo. Kuna CE iliyochorwa sawa, na kuna iliyochorwa vibaya na mtu asiyejali au anayeghushi.

Ukitaka ushahidi kwamba friji iliuzwa kweli Ulaya, tafuta vinavyofuatana na CE: pipa la taka lililopigwa mkasi, anuani ya kampuni iliyoko Ulaya, na ile karatasi ya rangi ya kijani hadi nyekundu ya matumizi ya umeme. Karatasi hiyo inakupa na umri. Yenye A+ au A++ ni ya kabla ya Machi 2021, maana siku hizi daraja zinaanzia A hadi G bila alama za kujumlisha. Usidanganyike ukaona mpya iliyoandikwa F ni mbaya kuliko kuukuu ya A+; kipimo kilibadilishwa kikawa kigumu zaidi, na hizo mbili zinaweza kuwa sawasawa.

Ninapokwama na friji za Ulaya ni kwenye herufi ndogo zinazopitwa na wengi: daraja la hali ya hewa. Ni SN, N, ST au T. Friji ya N imehakikishiwa kufanya kazi chumba kikiwa na joto lisilozidi nyuzi 32. ST inafika 38. T inafika 43. SN kikomo chake cha juu ni 32 vilevile, ila inavumilia baridi zaidi, jambo ambalo sisi halituhusu. Jiko la nyumba ya bati la Chake Chake mwezi wa Februari, na mkaa unawaka upande wa pili, linaipita 32 bila shida. Friji ya N hapo haiungui, lakini kompresa haipumziki. Inakwenda kutwa nzima, na umeme wa kulipia kabla unaisha kabla ya mwisho wa mwezi.

Za Ghuba nyingi ni T, kwa sababu huko ndiko joto liliko. Hii ndiyo sababu ya pili inayonifanya niiweke ya Maskati mbele ya ya Uingereza, hata kama ya Uingereza imetunzwa vizuri zaidi. Lakini zipo za Ulaya zilizoandikwa `SN-T` au `N-ST-T`, maana yake zimepimwa kuanzia chini hadi juu. Hizo ni sawa na za Ghuba. Basi usimuulize muuzaji friji imetoka wapi ukaishia hapo. Fungua mlango usome herufi.

Ujapani na Marekani: transfoma, na mahali inaposhindwa

Nembo ya Ujapani ni PSE, herufi zikiwa ndani ya duara au ndani ya umbo la almasi. Ukiiona, akili iende moja kwa moja kwenye volti 100. Plagi ni pini mbili bapa, na pembeni waya mwembamba wa kijani usio na plagi, ambao ndio wa ardhi. Ya Marekani ina UL ndani ya duara, au ETL, na kibandiko kinasema `115V 60Hz`. Zote mbili zinahitaji transfoma ya kushusha volti. Watu huziweka kundi moja, na hapo ndipo wanapokosea.

Ujapani ni nchi yenye hezi mbili: upande wa mashariki, Tokyo ikiwemo, ni 50, na upande wa magharibi, Osaka ikiwemo, ni 60. Mtu anayehama mji hataki kununua friji nyingine, kwa hiyo friji zao huandikwa 50/60. Ukishusha volti hadi 100, friji ya Kijapani inajiona iko Tokyo. Kitaalamu inaishi vizuri hapa.

Gharama yake ni transfoma. Kompresa isiyo ya inveta inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa hiyo transfoma ndogo iliyonunuliwa kwa kuangalia wati za friji tu itaunguruma na volti zitashuka wakati wa kuwaka. Mimi kwa friji ya milango miwili singeweka chini ya `1000VA`. Halafu transfoma yenyewe inakula umeme saa zote, hata friji ikiwa imepumzika. Tuchukue iliyo nzuri inayopoteza wati 15: kwa siku ni uniti 0.36, kwa mwaka ni uniti 131. Friji nzuri ya Kijapani inaweza kutumia uniti 300 hivi kwa mwaka, basi unaongeza karibu nusu yake kwa kupasha moto sanduku la chuma. Na kuna siku mgeni, au kijana aliyekuja kupaka rangi, atachomoa friji na kuichomeka ukutani kwa adapta. Volti 230 kwenye kifaa cha 100 hazisubiri mtu apige kelele. Kama friji hiyo utaichukua, transfoma ifungwe ukutani, na plagi ya friji ibaki ya Kijapani. Usiibadilishe kuwa pini tatu hata siku moja. Ule waya wa kijani nao uungwe ardhini.

Ya Marekani ina ugonjwa uleule wa Jedda hata baada ya transfoma. Kibandiko ni 115 kwa 60, yaani 1.9. Transfoma za kawaida za madukani hutoa volti 110 hadi 120. 120 kwa 50 ni 2.4. Robo zaidi tena! Mafundi wachache wajanja huiwekea transfoma ya Kijapani ya volti 100, na hesabu inakubali, maana 100 kwa 50 ni 2.0. Lakini mwendo bado ni mdogo, na feni na saa ya kuyeyusha bado ziko nyuma. Friji za Marekani ni kubwa na nzuri kwa macho. Ningeziacha, isipokuwa yenye inveta na kibandiko cha 50/60.

Korea na China, kwa kifupi

Korea ni mtego wa Jedda wenye sura nyingine. Nembo yake ni KC. Volti ni 220, mtu anafurahi, lakini hezi ni 60. Afadhali yake ni plagi ya pini mbili za mviringo inayokufanya usimame kidogo ufikiri. Kumbuka tu kwamba kampuni za Korea zinauza dunia nzima. Jina la Kikorea mlangoni si ushahidi wa kitu. Friji ya kampuni ileile yenye G na 50Hz haijawahi kukusudiwa Seoul. Ni KC kwenye kibandiko kikuu, pamoja na maandishi ya Kikorea, ndivyo vinavyokwambia iliuzwa kwao.

China ni CCC, volti 220 hezi 50. Umeme wake unatufaa bila transfoma. Plagi ya pini tatu zilizopinda badilisha. Tatizo ni maandishi ya vitufe kuwa ya Kichina, na hilo mtoto wa skuli mwenye simu atakutafsiria.

| Nembo | Umeme wa kawaida wa soko hilo | Hapa Zanzibar |
|---|---|---|
| G (Omani, Emirati) | 220–240V, 50Hz | Inafaa. Mara nyingi daraja T |
| G (Saudia) | 220–230V, 60Hz. Za zamani 127V | Soma hezi kwanza |
| CE, UKCA | 220–240V, 50Hz | Inafaa. Soma daraja la joto |
| PSE | 100V, 50/60Hz | Kwa transfoma tu |
| UL, ETL | 115–120V, 60Hz | Iache |
| KC | 220V, 60Hz | Soma hezi. 60 peke yake iache |
| CCC | 220V, 50Hz | Inafaa |

Nembo zinazodanganya bila kughushiwa

Ukigeuza friji utaona nembo nyingi kuliko nilizozitaja. Kompresa ina zake, waya una zake, plagi ina zake. Kuna alama ya RU ambayo R yake imegeuzwa nyuma mbele. Hiyo ni ya UL kwa vipuri, na unaweza kuikuta kwenye waya wa friji ya Omani. Haina maana kwamba friji ni ya Marekani. Ni kipuri tu ambacho kiwanda chake kilitaka kimuuzie kila mtu. Kwa hiyo nembo ya soko isome kwenye kibandiko kikuu peke yake, kile chenye modeli, namba ya mfululizo, volti na gesi kwa pamoja. Hizo nyingine ni za vipuri.

Kughushi nako kupo. Njia iliyo rahisi ni kubandika karatasi mpya yenye `50Hz` juu ya ile ya zamani. Ipapase kwa kucha. Kibandiko cha kiwandani ni chembamba, kimeshikana na plastiki, na hakina pembe inayonyanyuka. Kisha linganisha modeli iliyoandikwa ndani na ile ya nyuma, na umpigie hesabu kompresa: friji inayojiita 50Hz yenye kompresa iliyoandikwa 60Hz tu, mmoja kati ya wawili anasema uongo. Plagi usiitegemee kabisa. Plagi ya kufungua kwa bisibisi imebadilishwa na mtu. Ile iliyomiminwa pamoja na waya ndiyo iliyotoka kiwandani, nayo hata hivyo haikutenganishii Jedda na Maskati.

Gesi nayo ina jambo la kusema. R600a huja na alama ya pembetatu yenye moto, kwa sababu inawaka. Humo ndani ni kidogo sana, makumi ya gramu tu, na friji ikiwa nzima haina hatari. Hatari ni kwa fundi anayechomea bomba kwa moto kabla ya kuitoa yote, au anayeijazia R134a kwa kuwa ndiyo aliyonayo kwenye mtungi. Mafuta na kompresa ya moja si ya nyingine. Kabla ya kununua, muulize fundi wako wa mtaani gesi gani anaipata na kuiweza. Kama jawabu lake ni R134a peke yake, friji nzuri ya R600a itakusumbua siku ya kuharibika.

Kwa wanaoletewa na jamaa walioko Omani au Emirati, kazi hii ifanyike kabla friji haijaingia kontenani. Mwombe shemeji au ami apige picha tatu kwa simu: kibandiko cha ndani chenye volti na hezi, kibandiko cha kompresa nyuma, na plagi ikiwa karibu. Kama anasema friji hii ameipata kwa bei nzuri kutoka kwa mtu aliyehamia kutoka Saudia, picha ya kwanza ndiyo ya kuisubiri kabla ya kumtumia pesa. Ikionyesha 60Hz bila mkwaju na 50, mwambie airudishe, hata kama nauli ya kontena imeshalipwa; nafasi hiyo itajazwa magodoro.